Salamu za tangi: kisa cha pongezi zilizoandikwa mara mbili

Mwezi Agosti mwaka 2025 nilipigiwa simu na mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wafugaji wa maziwa kilichoko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Hai. Chama hicho sitakitaja kwa jina, kwa sababu nitaeleza pia siku waliyopata hasara, na hiyo ni habari yao. Nilikuwa afisa mifugo wa kata ile kabla sijastaafu, na hadi leo ananiita kwa cheo cha zamani.

"Bwana Mifugo, tangi lina wiki sita sasa linapoza maziwa. Jumamosi ya wiki ijayo tunalifungua rasmi. Wanachama wameomba salamu za pongezi uziandike wewe, uje uzisome."

Nilifurahi kupita kiasi, nikaketi usiku huohuo nikaandika ukurasa mzima. Niliwapongeza kwa umoja wao, kwa uvumilivu, kwa hatua kubwa ya maendeleo, kwa mfano bora waliouonyesha wilaya nzima. Asubuhi nikamsomea mwenyekiti kwenye simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Baba, ni maneno mazuri. Lakini haya hata zahanati ikifunguliwa yanasomeka. Njoo kwanza ulale huku, uone jioni na asubuhi. Halafu ndiyo uandike."

Nilikwenda. Yanayofuata ni niliyoyaona, na jinsi yalivyobadilisha salamu zile.

Shilingi 25

Nilianza na vitabu, kwa sababu nilitaka kujua ni kitu gani hasa ninachowapongezea. Mwaka 2018 mkutano mkuu ulikubali kila lita inayoletwa kituoni ikatwe shilingi 25 kwa ajili ya tangi. Wakati huo chama kilikuwa kinapokea wastani wa lita 600 kwa siku, za asubuhi peke yake. Piga hesabu: shilingi 15,000 kwa siku, karibu milioni tano na nusu kwa mwaka, milioni 38 na ushei kwa miaka saba. Kwa mama mwenye ng'ombe mmoja anayeleta lita 6, ni shilingi 150 kwa siku. Ukiondoa miezi ambayo ng'ombe amekaushwa kusubiri kuzaa, ameweka laki tatu na ushei kwa muda wote huo.

Shilingi 25 ni kiasi ambacho mtu hakioni kikitoka, na hapo ndipo makato mengi ya vyama yanapofia. Fedha isiyoonekana ikitoka haionekani pia ikitumika. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja makato ya "maendeleo" yakiishia kwenye posho za vikao bila mtu yeyote kuiba kwa maana ya kuiba. Yamelika tu, kidogo kidogo, kila mara kwa sababu inayosikika vizuri.

Hawa walifanya jambo moja ambalo ningependa kila chama kilijue. Makato yale hayakuingia kwenye mapato ya jumla ya chama. Yaliandikwa kwenye kitabu cha kila mwanachama kama nyongeza ya hisa zake, kwa jina lake, kila mwisho wa mwezi. Mama wa lita 6 alikuwa akifungua kitabu anaona 4,500 ya mwezi imeongezwa juu ya ile ya mwezi uliopita. Akaunti ilikuwa ya peke yake, na kutoa fedha kulihitaji saini tatu pamoja na muhtasari wa mkutano mkuu. Ninavyoona mimi, zile saini zina kazi yake, lakini kilichoilinda fedha hasa ni kile kitabu. Bodi inaweza kubembelezana yenyewe kwa yenyewe. Wanachama 118, kila mmoja akiwa na tarakimu yake mkononi, hawabembelezeki.

Mwaka 2020 fedha hiyo ilijaribiwa. Ugonjwa wa korona ulipoingia, shule zilifungwa mwezi Machi, watalii wakakoma kuja, hoteli za chini ya mlima zikaacha kununua. Maziwa yakakosa pa kwenda. Wanachama waliomba akiba igawanywe, na ombi lao lilikuwa la haki kabisa, kwa kuwa kulikuwa na nyumba zilizokosa hela ya pumba. Mkutano ulikaa kutwa nzima. Walichokubaliana ni kusimamisha makato kwa miezi minne, kila lita ilipwe kamili, lakini kilichokwisha kuwekwa kisiguswe. Mwenyekiti aliniambia kura zilipishana kwa watu wachache sana. Nilimuuliza kama wale walioshindwa walijitoa. "Wawili walihama wakauzia wachuuzi. Mmoja alirudi mwaka uliofuata. Wengine walikaa na hasira zao, na maziwa wakaendelea kuleta."

Kulikuwa na adui mwingine asiye na kelele. Tangi kama lao huagizwa kutoka nje, kwa hiyo bei yake hufuata dola. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300, na mwaka 2024 ilishapita 2,600. Akiba iliyokaa benki kwa shilingi ilikuwa inaongezeka kwenye kitabu huku ikinunua kidogo zaidi kila mwaka. Walipopata bei ya kwanza walidhani wamebakiza mwaka mmoja; wakakaa miwili. Jambo hili huwavunja watu moyo vibaya kuliko ukame, kwa sababu mfugaji anaona ametimiza sehemu yake na bado lengo linasogea. Walilikabili kwa kununua vitu vya shilingi mapema: sakafu, vigae, tangi la maji, kazi ya fundi umeme. Fedha ilivyokuwa ikiingia, ilikuwa inageuzwa kuwa kitu ambacho dola haikifikii.

Na vitu hivyo si vidogo. Ukiniuliza kosa la kwanza la vyama vinavyoweka akiba ya tangi, ni kuweka akiba ya tangi tu. Kwa hawa, tangi lenyewe lilichukua zaidi kidogo ya nusu ya fedha. Nyingine yote ilikwenda kwenye chumba chenye sakafu ya kuosheka na mfereji wa kutoa maji, laini ya umeme, kidhibiti cha kulinda kompresa umeme unapopanda na kushuka, jenereta, pampu, na hita ya maji ya kuoshea. Chama kinachotumia fedha yote kwenye tangi hubaki na sufuria kubwa ya chuma kisichoshika kutu, limefunikwa turubai, likingoja umeme.

Ukubwa waliouchagua

Tangi lao ni la lita 1,500. Siku ya kwanza kuliona nilishangaa kwamba ni dogo, maana wanaota kufika lita 2,000 kwa siku. Muuzaji naye aliwashauri wachukue la 3,000 kwa tofauti ya bei isiyo kubwa sana. Walikataa, na walikuwa sahihi.

Ndani ya tangi kuna kikoroga, pangaboi linalozunguka polepole ili maziwa yote yapite kwenye ukuta wa chini wenye baridi. Kikoroga kisipozama vizuri, maziwa ya chini huganda barafu na ya juu hubaki na joto, huku kipimajoto kikisoma namba isiyo ya kweli. Kwa kawaida tangi linahitaji angalau sehemu moja ya kumi ya ujazo wake ndipo lifanye kazi ipasavyo. Wakati wa kiangazi maziwa ya jioni ya chama hiki hushuka hadi lita 200. Kwenye tangi la 3,000, lita 200 ni dimbwi chini ya kikoroga. Kwenye la 1,500 zinatosha. Aliyetoa hoja hiyo mkutanoni ni mpokeaji wa maziwa, kijana wa kidato cha nne aliyepelekwa na chama kujifunza kwa wiki moja kwenye kituo kingine. Alirudi na daftari, na daftari hilo limewaokoa fedha nyingi.

Kuna namba nyingine ambayo wengi hawaisomi. Ubavuni mwa tangi kuna kibati, na chao kimeandikwa 2BII. Tarakimu 2 maana yake tangi limeundwa kujazwa kwa mikamuo miwili, yaani nusu kila mara. B inaeleza joto la mazingira ambamo mashine inaweza kutimiza kazi, nyuzi 32. Ile II ya mwisho inasema itatoa maziwa kwenye nyuzi 35 hadi 4 kwa saa tatu. Ukiviunganisha, tangi la lita 1,500 linaahidi kupoza lita 750 zenye joto kwa mpigo mmoja kwa saa tatu. Halijaahidi kupoza 1,500 kwa muda huo. Mtu akilijaza lote asubuhi moja, atangoja muda mara mbili, na katika muda huo bakteria hawamngojei.

Jioni na asubuhi

Nililala kituoni kama nilivyoagizwa. Jioni maziwa yalianza kuingia saa kumi na moja. Yalikuja kwa keni za alumini na machache kwa ndoo za chuma. Madumu ya plastiki yalipigwa marufuku tangu mwaka jana, kwa sababu shingo yake haiingii mkono na harufu ya jana haitoki. Mpokeaji alinusa kila keni mara tu mfuniko ulipofunguliwa, akachukua sampuli kidogo, akaichanganya na alkoholi kiasi kilekile, akatikisa. Ikibaki laini, inapita. Ikitoa chembe kama za uji uliokatika, hairuhusiwi. Kisha laktomita, kuangalia maji. Jioni hiyo keni mbili zilirudishwa, na mmoja wa wenyewe alikuwa mjumbe wa bodi. Alichukua keni yake akaondoka bila neno.

Kabla ya tangi, haya maziwa ya jioni hayakuwa na kituo. Gari la kiwanda lilikuja asubuhi tu, na maziwa ya saa kumi na moja jioni hayafiki asubuhi yakiwa mazima. Maziwa yanapotoka kwenye kiwele yana joto kama la mwili wa ng'ombe na kinga yake ya asili inayozuia vijidudu kwa saa chache. Kinga hiyo ikiisha, vijidudu huongezeka maradufu kila baada ya nusu saa hivi, na kadiri mkamuaji alivyokuwa mchafu ndivyo hesabu inavyoanzia juu. Kwa hiyo jioni ilikuwa ya nyumbani: kikombe cha watoto, lita moja kwa jirani, nyingine mtindi.

Tangi liliifungua jioni, na sasa huleta lita 400 hivi. Hilo ndilo faida kubwa kuliko zote, na ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote. Huku Uchagani maziwa yalikuwa mkononi mwa mama, hasa hayo ya jioni. Hela ya jirani ilikuwa yake, ya chumvi na daftari. Ikigeuka kuwa lita inayolipwa mwisho wa mwezi kwenye akaunti ya mwanachama, inaweza kuhama mkono. Nilimuuliza mwenyekiti, naye alikuwa ameshalifikia jambo hilo kabla yangu. Mkutano ulikubaliana mambo mawili. Kila nyumba ibakize angalau lita moja ya jioni. Mpokeaji hana namna ya kuhakikisha hilo, lakini limeandikwa na kusomwa. Na malipo ya jioni yaandikwe kwa jina la anayeyaleta, hata kama uanachama ni wa mumewe. Karibu wote wanaoleta jioni ni akina mama.

Saa mbili na nusu usiku kipimajoto kilisoma 4. Nilifurahia kusimama pale nikisikia mashine ikinyamaza yenyewe. Saa saba usiku umeme ukakatika. Nilikurupuka, kijana akanituliza: "Mzee, lala. Yameshapoa." Alikuwa sahihi. Ukuta wa tangi umejazwa kizuizi cha joto, na maziwa yaliyokwisha kufika 4 yatapanda nyuzi moja au mbili tu hadi asubuhi. Umeme unaoua ni ule unaokatika saa kumi na mbili jioni, maziwa yakiwa bado vuguvugu. Huo ndio wa kukimbilia jenereta, na mafuta ya jenereta hukaa chini ya kufuli yenye funguo mbili.

Asubuhi ndipo nilipoona tatizo lao halisi. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili ziliingia lita 800 zikiwa na nyuzi kama 28, zikamiminwa juu ya lita 400 zilizokuwa kwenye 4. Lau mashine isingefanya kazi kabisa, mchanganyiko ungekaa kwenye nyuzi 20. Mashine ilikuwa inapambana, na saa mbili gari lilipofika kipimajoto kilikuwa 12. Wiki tatu za mwanzo dereva alikuwa akiyanyonya hivyohivyo na kuondoka. Kwenye kitabu cha chama imeandikwa "yamepozwa", lakini kwenye gari yalikuwa maziwa ya nyuzi 12 yakielekea kwenye jua la tambarare. Kiwanda kiliyapima yakapita, ila siku moja kikatoa onyo, na hapo ndipo kijana akakaa na kile kibati cha 2BII akaelewa. Lita 750 kwa saa tatu ndiyo nguvu yake. Asubuhi yao inaleta 800 na kuipa saa moja na nusu.

Hawakununua kitu chochote kulitatua. Walimwomba dereva abadilishe njia yake, aanzie kituo cha juu, aje kwao saa tatu na nusu. Siku niliyolala pale, saa tatu na nusu kipimajoto kilisoma 4. Dereva alitia saini chini ya hiyo namba.

Siku ya tisa

Sasa hasara. Siku ya tisa tangu tangi liwashwe kulikuwa na mvua kubwa ya asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamelowa, na mzee mmoja mwenye heshima kubwa kijijini alifika na keni mbili. Msaidizi aliyekuwa zamu alizimimina bila kuzipima. Alieleza baadaye kwamba aliona aibu kumsimamisha mzee mvuani, na kwamba aliamini baridi ya tangi itayaweka sawa.

Imani hiyo ndiyo ninayoikuta kila mahali tangi linapofika, na ndiyo iliyonifanya niichane rasimu yangu ya kwanza. Baridi haiui vijidudu. Inawapunguza kasi tu. Maziwa yaliyoanza kuchacha yakiingia kwenye tangi yanabaki yameanza kuchacha, na sasa yamegusana na ya watu wote. Kwa keni, kosa la mtu mmoja lilimrudia mwenyewe. Kwa tangi, ni la wote. Gari lilipofika, dereva alipima kwa alkoholi, chembe zikatoka, akakunja mpira wake wa kunyonyea maziwa. Lita zaidi ya elfu moja. Walizigeuza mtindi kadiri vyombo vilivyotosha, wakauza kwa bei ya kutupa, nyingine zikaenda kwa ndama na nguruwe.

Nani alipe? Kuna waliotaka msaidizi akatwe mshahara, na kuna waliotaka mzee alipe. Bodi iliamua hasara igawanywe kwa kila lita ya siku ile, mzee akiwemo kama wengine, na kuanzia kesho yake hakuna keni inayopita bila kupimwa, ya mwenyekiti ikiwa ya kwanza kila asubuhi. Nilipenda uamuzi wa pili kuliko wa kwanza. Mwenyekiti akipimwa mbele ya foleni, mzee hawezi kuona amedharauliwa.

Kipimo cha alkoholi nacho kina mipaka yake, na niliwaambia. Kinaonyesha uchachu, na mara nyingi dang'a na maziwa ya kiwele kinachoumwa. Hakionyeshi dawa. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki jana, maziwa yake yatapita laini kabisa, na keni moja inaweza kuharibu mtindi wa kiwanda kizima kwa kuwa kimea kinachogandisha mtindi kinakataa kuota. Hapo hakuna kipimo kituoni isipokuwa ukweli wa mfugaji. Wameanzisha kadi nyekundu: ng'ombe akitibiwa, mtaalamu anaitundika bandani, na haitoki hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Bado ni mapema kusema kama kadi hiyo inafuatwa.

Salamu

Ijumaa usiku niliandika upya. Hizi ndizo nilizosoma.

"Mama Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wanachama, shikamooni wazee wangu, na habari zenu wengine.

Nimekuja kuwapa hongera, na nitasema za nini. Hongereni kwa shilingi 25. Hongereni kwa kuziandika kila mwezi kwa jina la mwenyewe, ndiyo maana leo kila mmoja hapa anajua ni sehemu gani ya chuma hiki ni yake. Hongereni kwa mkutano wa mwaka 2020, ninyi mliotaka akiba ibaki na ninyi mliotaka igawanywe mkashindwa na bado mkaleta maziwa kesho yake. Hongera zenu hizi za pili ni kubwa zaidi.

Hongereni kwa kukataa tangi kubwa. Hongera kijana wetu wa daftari. Hongera dereva kwa kukubali saa tatu na nusu.

Hongereni akina mama wa jioni. Lita moja ya nyumbani ibaki nyumbani.

Hongereni kwa siku ya tisa, kwamba mliilipa pamoja na hamkumfukuza mtu. Tangi hili halitengenezi maziwa. Linayatunza yalivyo. Yakija masafi, yatalala masafi. Yakija machafu, yatalala machafu pamoja na ya jirani yako. Mkono unaoosha kiwele ndio unaopongezwa leo, na kesho asubuhi utapimwa tena.

Tangi kila litakapotolewa maziwa lioshwe papo hapo, kabla maziwa hayajakauka ukutani. Asanteni kwa kuniita."

Watu walipiga vigelegele mahali ambapo sikutarajia, kwenye saa tatu na nusu, kwa sababu kila mmoja alijua vuta nikuvute iliyokuwa nyuma yake. Yule mzee wa keni mbili alisimama peke yake nilipotaja siku ya tisa, akavua kofia, akaketi.

Nilikuwa nakunja karatasi wakati mama mmoja, mkongwe kabisa, mwenye kitabu cha hisa kilichofungwa kwa uzi, alipoinua mkono kutoka safu ya mbele.

"Mwanangu, umesema vizuri. Lakini umewasahau waliokatwa na hawakuliona."

Sikuelewa mara moja. Mwenyekiti alielewa. Tangu mwaka 2018 wanachama tisa walikuwa wamefariki. Hisa zao zilihamishiwa kwa warithi, wengine wakiwa watoto ambao bado wako shuleni, na mimi niliyapitia makaratasi hayo kwa macho yangu siku mbili kabla bila kuyaona.

Niliomba kalamu. Katibu alileta daftari kubwa la wanachama, akalifungua juu ya mfuniko wa tangi kwa kuwa meza ilikuwa imejaa zawadi. Watu wakasimama. Akasoma jina moja moja, na baada ya kila jina akasoma kiasi kilichokuwa kwenye kitabu siku mwenyewe alipofariki: elfu arobaini na mbili, laki moja na elfu sita, elfu kumi na tisa. Kila jina liliitikiwa na mtu wa nyumba hiyo: "Tupo."